Meneja kijana na wasifu wake wa LinkedIn

Tumchukue meneja wa miaka 27 anayeongoza tawi la ushirika wa akiba na mikopo mjini Morogoro. Chini ya jina lake ameandika: "Kiongozi kijana mwenye ari na maono." Mstari huo una nafasi ya herufi 220, naye ameutumia kutangaza umri wake. Msomaji bado hajui anasimamia nini.

Aandike hivi: "Meneja wa tawi, mikopo midogo | Watumishi 9, wanachama 1,400." Sasa ukubwa wa dhamana unaonekana kabla ya umri.

Kwenye sehemu ya uzoefu, wengi huorodhesha majukumu: kusimamia, kuratibu, kuhakikisha. Hata karani huandika hayo. Kinachomtambulisha meneja ni uamuzi alioufanya na kuubeba. Kwa mfano: "Nilisitisha mikopo mipya kwa miezi miwili, tukapitia upya wadhamini wote, marejesho yaliyochelewa yakashuka kutoka asilimia 14 hadi 6." Takwimu za ndani ziombewe ruhusa ya mwajiri kwanza.

Asijikweze. Ukiwa kaimu, andika kaimu. Mwajiri akipiga simu kuuliza, cheo cha kubuni huanguka hapo hapo, na mengine yote hutiliwa shaka. Mwaka wa kuhitimu si lazima kuuweka.

Ushuhuda wa bosi wa zamani unafaa, lakini mimi huupa uzito zaidi wa mtumishi aliyemzidi umri na kukubali kuongozwa naye, hasa akieleza tukio moja waliloshughulikia pamoja.