Bei Ikishuka Bila Habari Mbaya

Mwaka 2024 Safaricom ilitangaza gawio la mwisho la senti 65 kwa hisa, na rejista ya wanahisa ikapangwa kufungwa Jumatano, Julai 31. Wengi walioisoma tarehe hiyo walidhani kwamba ukinunua hisa Jumanne, Julai 30, bado umewahi. Walikuwa wamechelewa. Katika Soko la Hisa la Nairobi, hisa unayonunua leo huingia kwenye akaunti yako ya CDS baada ya siku tatu za kazi. Ili jina lako liwe kwenye rejista jioni ya Jumatano, ulipaswa kununua Ijumaa, Julai 26, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili hazihesabiki. Kuanzia Jumatatu, Julai 29, hisa iliuzwa bila gawio. Aliyenunua siku hiyo alipata hisa; gawio likabaki kwa aliyemuuzia.

Jumatatu hiyo ndiyo siku ya kuiwekea alama kwenye kalenda, nayo haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye matangazo ya kampuni. Mnunuzi anayejua kwamba hatapata senti 65 hana sababu ya kulipa bei ya Ijumaa. Hisa iliyofunga kwa shilingi 17 inatarajiwa kufunguka karibu na shilingi 16 na senti 35, hata kama hakuna lililoharibika katika kampuni. Bei halisi huyumba juu au chini ya hapo kwa sababu mahitaji ya siku hiyo nayo yana nguvu zake.

Mimi niliwahi kuuza hisa za benki moja asubuhi ya namna hii. Niliona bei imeshuka, nikadhani kuna habari mbaya ambayo wenzangu wameisikia kabla yangu. Gawio lilinifikia baadaye, maana niliuza baada ya siku yenyewe kuanza, lakini hisa nilizokusudia kukaa nazo miaka zilikuwa zimekwenda. Tangu hapo nina jedwali dogo kwenye kompyuta, nalo hulifungua kila Jumatatu asubuhi.

Safu ya B ina tarehe ya kufunga rejista, C gawio kwa kila hisa, D idadi ya hisa zangu. Sikukuu za umma ziko kwenye safu ya K. Kazi iliyobaki hufanywa na fomyula tatu:

```
E2: =WORKDAY(B2,-2,K$2:K$20)
F2: =IF(AND(TODAY()<=E2,E2-TODAY()<=7),"ONYO","")
G2: =C2*D2*0.95
```

Ya kwanza hurudi nyuma siku mbili za kazi na kutoa siku ya kwanza ya kuuzwa bila gawio. Ya pili huonya kwa juma zima kabla ya siku hiyo, na siku yenyewe pia. Ya tatu huhesabu fedha zitakazonifikia baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo Kenya humkata mkazi wake. Kwa hisa 2,000 za Safaricom, gawio ni shilingi 1,300, kodi 65, na zinazobaki ni 1,235. Nikiona ONYO, naandika kando bei ya kufunga ya siku ya mwisho yenye gawio. Kesho yake natoa gawio kwenye bei hiyo kabla ya kuhukumu chochote. Pungufu la senti 60 au 70 lina maelezo yake; likifika shilingi 2, hapo ndipo natafuta habari.

Hesabu hiyohiyo humjibu anayetaka kununua Ijumaa ili achukue gawio na kuuza Jumatatu. Atapokea takriban senti 62 baada ya kodi, apoteze senti 65 kwenye bei, kisha amlipe dalali mara mbili.

Jedwali hukosea mahali pawili. Sikukuu ikitangazwa ghafla, kama Idi ambayo husubiri mwezi kuandama, tarehe husogea, hivyo safu ya K lazima irekebishwe siku hiyohiyo. Tena idadi ya hisa inayohesabika ni ile iliyo kwenye rejista inapofungwa, wala si ile unayoiona leo; ukiuza nusu kabla ya siku iliyo kwenye safu ya E, badilisha safu ya D.

Kipato nakiandika kwa hatua: "limependekezwa" bodi inapotangaza gawio la mwisho, "limeidhinishwa" baada ya mkutano mkuu wa mwaka, na "limelipwa" fedha zikishaonekana benki au kwenye simu. Sizijumlishi hatua hizi pamoja, kwani bado wanahisa wana kura. Malipo ya Safaricom yalipangwa kufanyika Agosti 31 au karibu na hapo, na mwaka huo ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo kuchelewa siku chache kusingenitisha. Mstari ukikaa majuma mawili bila kugeuka "limelipwa", nampigia simu msajili wa hisa na kumuuliza ni namba gani ya akaunti waliyo nayo kwa jina langu.