Tusi Lilelile, Hukumu Mbili

Watu wengi huamini kwamba katika kila kituo cha redio na televisheni kuna orodha ya maneno iliyobandikwa ukutani, na kazi ya fundi mitambo ni kubonyeza kitufe kila mojawapo linapotamkwa. Nchini Marekani, ambako ubishi huu umefika Mahakama ya Juu zaidi ya mara moja, orodha hiyo haipo. Sheria inakataza lugha chafu hewani bila kutaja neno hata moja. Mtangazaji ndiye anayeamua, na akikosea ataambiwa baadaye, pengine pamoja na faini.

Imani ya orodha ina asili yake. Tarehe 30 Oktoba 1973, mnamo saa 8 mchana, kituo cha WBAI cha New York kilirusha rekodi ya mchekeshaji George Carlin, aliyekuwa akiyarudia maneno 7 ambayo kwa maoni yake hayawezi kamwe kusemwa kwenye televisheni. Baba mmoja aliyekuwa garini na mwanawe aliisikia, akapeleka malalamiko kwa Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliipa Tume ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4. Wengi wakachukulia kwamba maneno 7 ya Carlin yamekuwa sheria. Lakini majaji walikuwa wamepima mambo mengine: kwamba ilikuwa mchana, kwamba redio huingia hadi sebuleni bila kubisha hodi, kwamba watoto walikuwa wakisikiliza, na kwamba maneno yale yalirudiwa mfululizo. Baadaye ukawekwa muda wa nafuu, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, ambapo lugha nzito inavumiliwa kwa kuwa watoto wengi wamelala.

Kwa miaka mingi vituo viliishi na kanuni moja: tusi moja lililomponyoka mtu, bila kukusudia kueleza jambo la chumbani, halileti adhabu. Halafu ikafika Januari 2003. Bono, mwimbaji wa kundi la U2, alipanda jukwaani kupokea tuzo ya Golden Globe, matangazo yakienda moja kwa moja kupitia NBC. Kwa furaha akasema tuzo ile ni nzuri mno, na kati ya maneno hayo akachomeka tusi zito kuliko yote ya Kiingereza. NBC haikulibana. Malalamiko zaidi ya 200 yakafika FCC, mengi yakiwa yamepangwa na chama kimoja cha wazazi.

Oktoba mwaka huohuo, idara ya FCC inayosimamia utekelezaji ilisema hakuna kosa. Bono alilitumia tusi kutilia mkazo furaha yake, hakuzungumzia tendo lolote. Machi 2004 makamishna wenyewe wakaipindua hukumu hiyo: neno lile, walisema, hubeba maana ya ngono popote linapotamkwa. NBC haikutozwa chochote, kwa sababu ilikuwa imefuata msimamo wa zamani. Lakini vituo vyote vilionywa, na Tume ikakumbusha kwamba mitambo ya kuchelewesha matangazo ipo na ingeweza kutumika.

Mitambo hiyo inafanya hivi. Sauti ya studio haiendi hewani papo hapo; inahifadhiwa sekunde chache kwanza. Mtu akitukana, anayesimamia anabonyeza kitufe na kile kilichohifadhiwa kinafutwa kabla hakijamfikia msikilizaji. Udhaifu wake unajulikana na kila aliyewahi kuendesha kipindi cha simu. Zile sekunde zikishafutwa, akiba imekwisha, na mtambo unahitaji muda kuijaza tena, kwa kawaida kwa kuvuta usemi kidogo kidogo bila msikilizaji kugundua. Mpigaji akitukana mara ya pili katika muda huo, tusi linapita. Ndiyo maana mtangazaji mzoefu humkata mpigaji simu mara moja, hata kama ameomba radhi. Kwenye kipindi kilichorekodiwa mambo ni rahisi zaidi. Mhariri anaweka juu ya neno ule mlio wa biip, na anaamua kama ataziba lote au irabu ya katikati tu, hivi kwamba sauti ya mwanzo na ya mwisho zinabaki na kila mtu mzima anajua kilichosemwa. Kwenye televisheni, anayejali zaidi huziba na midomo.

Kilichofuata baada ya uamuzi wa 2004 ndicho kinachoonyesha ugumu wa kazi hii. Novemba 11 mwaka huo, siku ya kuwaenzi wanajeshi wa zamani, mtandao wa ABC ulipanga kuonyesha Saving Private Ryan, filamu ya Steven Spielberg kuhusu Vita Kuu ya Pili. Ilikuwa imeonyeshwa 2001 na 2002 bila tatizo, na mkataba ulitaka isikatwe mahali popote. Vituo zaidi ya 60 vinavyopokea matangazo ya ABC vilikataa kuirusha, vikihofia faini. Miezi michache baadaye FCC ikasema filamu ile haina kosa: askari walio vitani ndivyo wanavyosema, na kuziba maneno yao kungeharibu ukweli wa filamu.

Mwaka 2006 Tume hiyohiyo ikakishughulikia kituo kidogo cha chuo, KCSM cha California, kilichoonyesha filamu ya kumbukumbu kuhusu muziki wa bluzi. Wanamuziki na watu wa studio za kurekodia walihojiwa, wakazungumza kama wanavyozungumza kila siku, na matusi yakiwamo. Hapo FCC iliona kosa na ikapendekeza faini ya dola 15,000. Maneno yalifanana na yale ya askari. Mimi siioni tofauti inayotetewa kwa haki: ukweli wa askari wa kuigizwa ulikubaliwa, na ukweli wa watu halisi waliokaa mbele ya kamera ukakataliwa. Mahakama ya Rufaa ya New York iliitaja kesi hiyo mwaka 2010 ilipotupilia mbali sera nzima, ikieleza kwamba mtangazaji hana namna ya kujua mapema lipi litapita. Mahakama ya Juu ilipofikiwa tena Juni 2012 ilitoa jibu jembamba zaidi: vituo havikupewa taarifa ya kutosha kabla ya kuadhibiwa. Swali la kama sera yenyewe inaruhusiwa na katiba halikujibiwa.

Kwetu mpaka mkuu pia umewekwa kwa saa. Kanuni za vipindi za Kenya zinataka yanayorushwa kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku yafae familia nzima. Ila mlio wa biip hausaidii sana katika lugha ambayo watu hufikisha mambo mazito kwa mafumbo. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania, BASATA, liliufungia wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na gumzo kubwa lilikuwa juu ya Nyegezi. Hilo ni jina la mtaa wa jijini Mwanza. Ukiliziba, umeliziba jina la mahali wanapoishi watu. Ukiliacha, kila msikilizaji amekwisha kulisikia lile lingine lililofichwa ndani yake. Wimbo ukafungiwa mzima. Kipindi cha simu cha asubuhi kina tatizo hilohilo kila siku, kwani mpigaji anaweza kusimulia mambo ya chumbani mwanzo hadi mwisho bila tusi la nguoni hata moja, na mwenye kidole juu ya kitufe asijue abonyeze wapi. Kinachosaidia hapo ni kazi inayofanyika kabla ya kwenda hewani: mtayarishaji anazungumza na mpigaji kwanza, anamuuliza anataka kusema nini, na akimsikia anacheka kabla hajajibu, anampa nafasi mwingine.