Penisilini haiwezi homa hii ya mapafu

Beberu aliyenunuliwa mnadani anaweza kuingia zizini akionekana mzima. Baada ya wiki moja au zaidi mbuzi wa jirani yake anakohoa, anabaki nyuma ya kundi, kisha anasimama ametanua miguu ya mbele na kunyoosha shingo akitafuta hewa. Joto lake hupita nyuzi 41. Akifa, mpasueni: mara nyingi pafu moja tu limekuwa gumu na kugandamana na mbavu, na kifuani mna maji ya manjano.

Hiyo ndiyo homa ya mapafu ya mbuzi. Kimelea chake, aina ya mikoplasma, kilitambuliwa Kenya mwaka 1976. Hakina ukuta wa seli, na penisilini huua bakteria kwa kuharibu ukuta huo. Ndiyo maana chupa nzima huisha bure. Zinazofaa ni oksitetrasiklini na tailosini, mapema, kabla mbuzi hajaanza kuhema. Mbuzi wa kilo 30 hupewa mililita 3 za oksitetrasiklini ya asilimia 20 inayodumu mwilini. Aliyechelewa hata akipona anaweza kubaki na ugonjwa.

Kimelea hufa upesi nje ya mwili, hivyo huenea kwa pumzi ya mbuzi walio karibu, hasa wanapolala wamebanana. Mgeni atengwe mwezi mzima. Chanjo ipo, hutolewa kila mwaka, lakini haimtibu aliyekwisha kuambukizwa.