Kubadilisha Picha ya Skrini Bila Kuua Mng'aro wa Kioo

Katika matangazo mengi ya programu za simu utaona simu imelala mezani kando ya dirisha. Meza inang'aa, ukingo wa simu unang'aa, lakini kioo chenyewe hakina hata chembe ya mwanga wa nje. Skrini imebandikwa, na jicho linalitambua hilo mara moja.

Kioo cha simu hutuletea mwanga wa namna mbili kwa wakati mmoja: unaotoka ndani ya skrini, na ule wa dirishani unaogonga kioo na kurudi. Hakuna unaoufunika mwenzake, hujumlishana. Anayebandika picha mpya juu ya kioo ameufuta ule wa pili.

Dawa yake huanza kabla ya kompyuta: piga picha simu ikiwa imezimwa. Kioo kikiwa cheusi, umbo la dirisha, vumbi na alama za vidole vinavyoonekana juu yake vyote ni mwanga wa nje peke yake. Ndio unaotaka kuuhifadhi.

Fungua picha hiyo kwenye Photoshop, uweke picha ya ukurasa mpya kwenye tabaka la juu yake. Tumia Edit > Transform > Distort kuvuta pembe zake nne hadi zikae kwenye pembe za skrini. Kisha badilisha hali ya tabaka kutoka Normal kwenda Screen. Katika hali hii, nyeusi haiongezi kitu na nyeupe hubaki nyeupe, kwa hiyo mng'aro uliokuwa chini hujitokeza wenyewe. Mwisho weka maski ifuate pembe za mviringo, na kama kuna kidole kilichopita mbele ya kioo, kikate nje ya picha mpya.

Tatizo la kawaida ni ukungu. Anga jeupe likijaa kioo kizima, rangi nyeusi za ukurasa hugeuka kijivu na maandishi hufifia. Chagua eneo la skrini kwenye picha ya chini, fungua Levels, usogeze kitelezi cheusi kulia kidogo kidogo. Ukungu hafifu utazama, mng'aro mkali utabaki. Ukizidisha, kingo laini za mng'aro zitakatika na kuonekana kama madoa ya rangi.

Kama picha ilipigwa skrini ikiwa inawaka, mianga miwili imekwisha kuchanganyika na kuitenganisha ni kazi ngumu. Ni afadhali kurudia picha.

Ili kuikagua kazi, tafuta herufi nyeusi iliyo ndani ya mng'aro. Ikiwa imefifia na kukaribia rangi ya dirisha, umefaulu. Ikiwa bado ni nyeusi tii, picha imebandikwa juu ya mwanga, na hapo rudi kwenye hali ya tabaka kabla hujagusa kitu kingine.