Miche ya Nyanya: Kutoka Trei Hadi Shambani

Mbegu ya nyanya husiwa kwenye trei ili kila mche uwe na tundu lake, na siku ya kuhamishwa utoke na mizizi yake yote. Udongo wa shambani haufai kujazwa humo, kwa kuwa hugandamana ukilowa na mara nyingi hubeba vimelea. Bora ni mboji iliyoiva na kuchekechwa, au vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa chumvi. Hulowanishwa kwanza, kiasi kwamba likifumbatwa mkononi hushikana bila kuchuruzika maji. Mbegu moja huwekwa kila tundu, kina kisizidi sentimita moja. Penye joto la nyuzi 25 huota ndani ya siku 5 hadi 8.

Zikishatokeza, trei isicheleweshwe gizani. Siku mbili tu zatosha kuvuta shina likawa refu, jembamba na la rangi ya maziwa. Adui mwingine ni kinyausi: shina husinyaa pale linapogusana na udongo, likawa kama limefungwa uzi, na mche uliokuwa mzima jioni hukutwa umelala asubuhi. Mche huo hauponi. Kinachookoa iliyobaki ni kupunguza maji, kumwagilia asubuhi badala ya jioni, na kuacha hewa ipite.

Mche uliokulia kivulini una majani laini yenye nta kidogo, hivyo hupoteza maji upesi ukipigwa na jua na upepo. Ndiyo maana huzoeshwa kwanza. Kwa miche itakayopandikizwa siku ya 28 tangu kuota, kazi huanza siku ya 21. Siku ya kwanza trei hukaa juani kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, kisha hurudi kivulini. Kila siku huongezwa saa moja au mbili, na jua la saa sita huachwa hadi mwisho. Siku mbili za mwisho trei hulala nje. Maji nayo hupunguzwa, mche ukinyweshwa pale majani yanapoanza kulegea, lakini hayakatwi kabisa.

Haraka huonekana kwenye majani: mabaka meupe, makavu kama karatasi. Jani hilo limekufa, ila kama ncha ya mche bado ni kijani, majani mapya yatachipua. Kuzidisha nako kuna hasara, maana mche ulioteswa wiki nyingi hukomaa shina ungali mfupi, na hata shambani huchelewa kukua.

Mche ulio tayari una majani halisi manne au matano, mbali na yale mawili ya mwanzo. Ukichomolewa, bonge la udongo hutoka zima, limeshikwa na mizizi myeupe isiyojizungusha. Trei humwagiliwa saa chache kabla, na upandikizaji hufanywa jioni ili mche upate usiku mzima kabla ya jua kuchomoza.