Bando la WhatsApp Linalipia Nini, na Halilipii Nini

Bando la mitandao ya kijamii ni kifurushi ambacho kampuni ya simu humuuzia mteja, au humpa bure kama nyongeza ya kifurushi kingine, kwa ajili ya programu chache zilizotajwa kwa majina. Mara nyingi ni WhatsApp, Facebook na Instagram, na siku hizi TikTok pia. Yako mabando ambayo matumizi ya programu hizo hayahesabiwi kabisa, na yako mengine ambayo mteja hupewa fungu la MB lisiloweza kutumika kwingine. Kwa vyovyote vile, fungu hilo hukaa mbali na bando la intaneti la kawaida, na mbali zaidi na salio la vocha. Malalamiko mengi ya wateja huzaliwa hapo: mtu amejiunga na bando la WhatsApp, hajafungua kitu kingine siku nzima, na bado jioni anakuta salio lake limeliwa.

Wizi hutajwa haraka katika malalamiko hayo, lakini mara nyingi sababu ni nyingine. Mteja hununua bando kwa jina la programu anayoiona kwenye kioo. Mtandao wa simu hauoni kioo hicho. Unachoona ni data inayopita, inakotoka na inakokwenda. Programu moja kwa siku moja huzungumza na kompyuta za makampuni mengi, na bando hulipia safari zile tu zinazoishia kwenye kompyuta za mwenye programu.

Kompyuta hizo, yaani seva, zina anwani za namba na majina. Ujumbe wa WhatsApp hupitia seva zenye majina kama g.whatsapp.net, na picha, video na ujumbe wa sauti hupakuliwa kutoka mmg.whatsapp.net. Picha na video za Facebook hutoka kwenye seva ambazo majina yake huishia na fbcdn.net. Maudhui yenyewe yamefungwa kwa usimbaji, kwa hiyo kampuni ya simu haiwezi kusoma mtu ameandika nini. Hata hivyo, simu inapoanza kuunganishwa na seva, kwa kawaida hutaja jina la seva hiyo waziwazi kabla mlango haujafungwa. Mitambo ya kampuni husoma jina hilo, hulilinganisha na orodha iliyonayo, kisha huamua data ikatwe kwenye fungu gani. Ikilikuta kwenye orodha, bando la kijamii hukatwa. Isipolikuta, hukatwa bando la kawaida, na kama halipo, salio la vocha, isipokuwa kama mteja amezuia makato ya aina hiyo au kampuni yenyewe haiyaruhusu.

Ukishaelewa hivyo, mengi hujieleza. Kuandika ujumbe, kutuma na kupokea picha, kurekodi ujumbe wa sauti, kutuma faili na kutazama stetasi, vyote hupita kwenye seva za WhatsApp, na kwa kawaida vyote vimo ndani ya bando. Video ndefu iliyowekwa kwenye stetasi au kutumwa kwenye kundi nayo imo, ingawa humaliza fungu haraka kuliko mamia ya ujumbe wa maandishi.

Kupiga simu kwa WhatsApp ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi huumia. Watu wawili wanapopigiana, programu hujaribu kuziunganisha simu zao moja kwa moja ili sauti isichelewe. Ikifanikiwa, sauti haipiti tena kwenye seva za WhatsApp. Inakwenda kwenye anwani ya intaneti ya yule anayepigiwa, ambaye huenda yuko kwenye Wi-Fi ya ofisi Nairobi au kwenye laini ya mtandao mwingine Mwanza. Anwani hiyo haimo kwenye orodha yoyote ya kampuni ya simu, na mtambo unaotegemea anwani huihesabu kama intaneti ya kawaida. Muunganiko wa moja kwa moja ukishindikana, sauti hupitishwa kwenye seva za WhatsApp, na simu za kundi hupita huko siku zote. Ndiyo maana kwa baadhi ya wateja simu moja hukatwa huku na nyingine kule, bila wao kubadilisha chochote.

Ipo pia sababu ya kibiashara, na ni nzito kuliko hiyo ya kiufundi. Kampuni za simu bado zinauza dakika za maongezi. Kumpa mteja simu za WhatsApp kwa bei ya bando dogo ni kumpa njia ya kuacha kununua dakika. Kwa hiyo mabando mengi huziondoa simu za sauti na za video kwa makusudi, hata pale mtambo unapoweza kuzitambua, na sharti hilo hukaa kwenye vigezo na masharti ambavyo havionekani kwenye menyu ya kujiunga.

Mipaka ya namna hii si mipya. Facebook ilipoleta Internet.org Tanzania kupitia Tigo mwezi Oktoba 2014, na Kenya kupitia Airtel mwezi uliofuata, huduma hiyo ya bure iliyokuja kuitwa Free Basics ilikuwa na masharti yake: kurasa nyepesi, hakuna video, hakuna simu. Facebook ya bure inayotolewa na mitandao mingi hufuata mtindo huohuo. Maandishi husomeka, picha hufichwa, na anayegusa sehemu ya picha huulizwa kama yuko tayari kutumia data yake. Ujumbe huo wa kuuliza ndio mpaka wenyewe, na wengi huukubali bila kuusoma.

Eneo jingine la kuangalia ni linki. Mtu anatumiwa linki ya habari kwenye WhatsApp, anaigusa, ukurasa unafunguka kwenye kivinjari. Hapo ameshatoka nje ya bando. Facebook hupoteza watu zaidi, kwa kuwa hufungua ukurasa wa gazeti ndani ya programu yake yenyewe, na msomaji huamini bado yuko Facebook. Data inatoka kwenye seva ya gazeti. Video ya YouTube inayocheza kwenye kidirisha kidogo juu ya maongezi ya WhatsApp ni hivyohivyo: hutoka kwenye seva za Google zenye jina googlevideo.com, hata kama mtazamaji hajaliacha kundi lake. Hata kile kipicha chenye kichwa cha habari kinachotokea mtu anapobandika linki huchukuliwa na simu ya mtumaji moja kwa moja kutoka kwenye tovuti husika. Ni data kidogo, lakini hutoka nje ya fungu. Anayepokea hukipata kama sehemu ya ujumbe, ndani ya bando lake.

Kisha kuna yanayotendeka bila mtu kugusa kitu. Kwenye simu za Android, nakala ya akiba ya maongezi hupelekwa Google, si WhatsApp. Masasisho ya programu hutoka Play Store. Ramani inayoonekana mtu anapotuma mahali alipo hutolewa na kampuni ya ramani. Barua pepe na programu nyingine zilizo kimya nyuma ya kioo nazo huvuta data kila intaneti inapowashwa, na bando la kijamii haliziwekei kizuizi.

Chukua mfano wa muuza vitenge mwenye bando la WhatsApp la MB 300, asiye na bando la kawaida, na mwenye salio la shilingi 1,000. Tuseme nje ya bando hukatwa shilingi 10 kwa kila MB. Asubuhi anatuma picha 40 za mzigo mpya. WhatsApp huzibana, na zikiwa na wastani wa KB 150 kila moja, zote zinafika MB 6. Anapokea ujumbe wa sauti wa wateja na kutazama stetasi, MB 50 nyingine. Zote ni za bando. Mchana anampigia msambazaji kwa WhatsApp dakika 10. Simu ya sauti hula karibu nusu MB kwa dakika, hivyo MB 5 zinatoka nje ya bando: shilingi 50. Mteja anamtumia linki ya YouTube ya mishono, anaitazama dakika nne, MB 20: shilingi 200. Jioni WhatsApp inamwambia toleo lake limepitwa, anagusa kitufe cha kusasisha, na Play Store inapakua MB 60: shilingi 600. Salio limebaki shilingi 150, huku bando likiwa bado na MB 244. Katika yote hayo hakuondoka WhatsApp, kwa jinsi yeye anavyoona.

Anayetaka kujua bando lake linahesabu nini anaweza kulipima mwenyewe. Kwanza azuie programu nyingine zisitumie data kimyakimya kwa kuwasha kiokoa data kwenye mipangilio ya simu. Kisha aangalie salio la bando la kijamii, la bando la kawaida na la vocha, afanye jambo moja tu kwa dakika tano, kwa mfano kupiga simu ya WhatsApp, azime data, asubiri dakika chache na aangalie tena. Kusubiri ni lazima, kwa sababu mtambo wa makato hutenga data kwa vipande kabla haijatumika na hurudisha kilichobaki baadaye, kwa hiyo salio linaloonekana palepale linaweza kudanganya. Na kwa kuwa simu za WhatsApp hubadilika njia, ni vizuri kupima na watu wawili walio kwenye mitandao tofauti. Hesabu ya data iliyo ndani ya simu yenyewe haisaidii hapa: huonyesha kiasi ambacho WhatsApp imetumia, haijui kimekatwa kwenye fungu gani.

Kuna mambo yanayolivunja bando lote kwa mara moja. VPN hufunika kila safari, na kampuni huona seva moja tu ya VPN, hivyo hata ujumbe wa maandishi huhesabiwa kama intaneti ya kawaida. Opera Mini inayobana kurasa hupitisha Facebook kwenye seva za Opera, na matokeo huwa hayohayo. Nje ya nchi bando hili kwa kawaida halifanyi kazi, na kampuni nyingine hulikataza kutumika kwa hotispoti.

India ilipiga marufuku bei tofauti kwa tovuti tofauti mwezi Februari 2016, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua Septemba 2021 kwamba bei za namna hiyo zinakiuka kanuni za usawa wa intaneti. Afrika Mashariki mabando haya yanaendelea kuuzwa, na kwa wenye kipato kidogo yana faida ya kweli. Basi kampuni ziandike kwenye menyu yenyewe, kabla mteja hajabonyeza namba ya kukubali, kama simu, video na linki zimo au hazimo. Na mteja ambaye hajaandikiwa hivyo asiache salio la vocha likikaa wazi: ama anunue bando dogo la kawaida sambamba na la WhatsApp, ama aombe makato ya nje ya bando yafungwe.