Vibadilika Vinapopanda Pamoja

Regresheni hukipa kila kibadilika kizigeu chake: namba inayoonyesha matokeo yatabadilika kwa kiasi gani kibadilika hicho kikiongezeka kwa kipimo kimoja, huku vingine vyote vikibaki vilivyo. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Kama vibadilika viwili hupanda na kushuka pamoja, takwimu hazina mwaka ambao kimoja kilisogea na kingine kikatulia, hivyo hesabu haina pa kushika. Hali hiyo ndiyo mwambatano wa vibadilika.

Mfano unaojulikana sana ni takwimu za ajira za Marekani za 1947 hadi 1962, ambazo James Longley alizichapisha mwaka 1967 ili kupima usahihi wa programu za kompyuta. Idadi ya walioajiriwa inaelezwa kwa vibadilika sita: bei, pato la taifa, wasio na ajira, wanajeshi, idadi ya watu, na mwaka wenyewe. Pato la taifa likitumiwa peke yake, kila dola milioni moja za ziada huendana na waajiriwa wapya wapatao 35. Vikiingizwa vyote sita, kizigeu hichohicho kinageuka kuwa hasi 36, kana kwamba uchumi ukikua watu wanapoteza kazi! Hata hivyo modeli inaeleza zaidi ya asilimia 99 ya mabadiliko ya ajira, kwa hiyo anayetazama R² peke yake hatashtuka.

Kinachofichua tatizo ni VIF, kipimo cha mfumuko wa varianzi. Kibadilika kimoja hufanywa kuwa matokeo, kikaelezwa kwa vile vingine, kisha R² ya hesabu hiyo huingizwa hapa:

```
VIF = 1 / (1 - R²)
```

Kwa wanajeshi, VIF ni karibu 3.6. Kwa pato la taifa ni karibu 1,788. Kipeuo chake cha pili ni karibu 42, maana yake kosa sanifu la kizigeu hicho ni kubwa mara 42 kuliko ambavyo lingekuwa kama pato lisingeambatana na vibadilika vingine. Ndiyo maana kadirio la hasi 36 linabeba masafa ya asilimia 95 kutoka hasi 112 hadi chanya 40. Ile 35 ya mwanzo imo humohumo.

Wengi huanza kutilia shaka VIF inapopita 5 au 10, lakini hayo ni mazoea tu. Wasio na ajira wana VIF ya karibu 34, na bado kizigeu chao kinatofautiana na sifuri waziwazi, kwani athari yake ina nguvu ya kutosha kuonekana. Utabiri nao hauharibiki, mradi vibadilika viendelee kuambatana kama zamani. Kuondoa kimojawapo hupunguza kosa sanifu, ila kizigeu kinachobaki hubeba pia athari ya kilichoondolewa, na VIF haisemi kipi kiondoke.